Jinsi ya Kunyoosha Anwani na Maneno Muhimu ya Makala ya Kongamano

Msimu wa makongamano unapokaribia hapa Nairobi na ikisiri zinapoanza kuingia, anwani ninayokutana nayo mara nyingi kuliko nyingine huwa ya namna hii: "Uchunguzi wa Kina Kuhusu Athari za Sheng' kwa Lugha ya Kiswahili Miongoni mwa Vijana wa Kisasa Nchini Kenya: Changamoto, Fursa na Mwelekeo wa Siku za Usoni". Chini yake maneno muhimu huwa haya: Sheng', Kiswahili, vijana, lugha, Kenya, utafiti. Mfano huu nimeuunda mwenyewe kutokana na ikisiri nyingi nilizosahihisha, ili nisimwanike mwandishi yeyote, na nitautumia tangu mwanzo hadi mwisho wa mwongozo huu. Tuchukulie kwamba makala yenyewe ni mazuri: mtafiti alikusanya insha 64 za Kiswahili zilizoandikwa na wanafunzi wa Kidato cha Pili katika shule mbili za Embakasi, akaorodhesha kila neno la Sheng lililojitokeza, akaangalia limejitokeza katika sehemu gani ya insha, kisha akawahoji walimu wanne kuhusu namna wanavyoyasahihisha maneno hayo. Aligundua kwamba maneno mengi ya Sheng yamo ndani ya mazungumzo ya wahusika, wala si katika usimulizi.

Anwani ile ina maneno 26, na hakuna hata moja kati yake linalotaja insha, mwanafunzi au shule. Mwalimu wa Mombasa au mtafiti wa Dar es Salaam anayetafuta kazi kuhusu Sheng katika insha hataiona, na akiiona hatajua kwamba ndiyo anayoitafuta.

Hatua ya kwanza: andika sentensi moja ya ukweli kabla ya kuigusa anwani

Usianze kwa kupunguza maneno. Ukianza hivyo utabaki na anwani fupi yenye kosa lilelile. Weka anwani kando, fungua sehemu ya data na ya matokeo, kisha uandike sentensi moja inayojibu maswali manne: umechunguza kitu gani, ndani ya nini, cha nani, na wapi. Katika mfano wetu sentensi hiyo ni: "Nimechunguza msamiati wa Sheng katika insha za Kiswahili zilizoandikwa na wanafunzi wa Kidato cha Pili katika shule mbili za Embakasi, Nairobi." Ni sentensi isiyo na madoido, na karibu kila neno lake lina data nyuma yake.

Sasa iweke anwani ya zamani kando ya sentensi hii na ulisaili kila dai. Neno "athari" ndilo zito zaidi. Anayesema Sheng ina athari kwa Kiswahili anadai kwamba kitu kimoja kimesababisha mabadiliko katika kingine, na dai hilo linahitaji ulinganisho: insha za miaka tofauti, au za wanafunzi wanaozungumza Sheng na wasioizungumza. Mtafiti wetu hakulinganisha. Alihesabu na kuainisha. Kwa hiyo "athari" liondoke, hata kama limezoeleka kiasi kwamba anwani bila hilo inaonekana pungufu. "Vijana wa kisasa nchini Kenya" nayo ni mapana mno, kwa sababu wanafunzi wa shule mbili za Embakasi hawawezi kuwasemea vijana wa Lodwar na Lamu. "Changamoto, fursa na mwelekeo wa siku za usoni" ni mkia ambao hauna ukurasa hata mmoja wa data katika makala. Mhakiki anayeusoma atazitafuta fursa hizo, azikose, na ataandika katika maoni yake kwamba makala hayatimizi ahadi, ilhali kosa limo katika anwani tu.

"Uchunguzi wa kina kuhusu" linaondoka bila mjadala. Kila makala ya kongamano ni uchunguzi, na kina chake kitapimwa na msomaji.

Hatua ya pili: jenga anwani kutoka kwenye sentensi hiyo

Ondoa kitenzi katika sentensi, ubaki na nomino zake, ukitanguliza kile kilichochunguzwa: "Msamiati wa Sheng katika Insha za Kiswahili za Wanafunzi wa Kidato cha Pili, Embakasi, Nairobi". Hayo ni maneno 15. Sheng imeingia katika neno la tatu, jambo ambalo lina faida yake, kwa kuwa orodha za mawasilisho na skrini za simu mara nyingi hukata anwani ndefu, na kinachobaki ni mwanzo wake.

Hapa panahitaji subira kidogo kuhusu urefu. Waandaaji wengine huweka kikomo cha maneno 12, wengine 15 au 20, na wengine hawaweki kikomo chochote. Kile cha 12 kina historia: toleo la sita la mwongozo wa APA, la 2009, lilipendekeza anwani isizidi maneno 12, na toleo la saba, lililotoka 2019, liliiacha idadi hiyo likataka tu anwani iwe fupi na yenye kueleweka. Idadi hiyo ilifikiriwa kwa Kiingereza, lugha inayoweza kupanga nomino tatu mfululizo bila kiunganishi. Kiswahili hakifanyi hivyo. Katika anwani yetu ya maneno 15, maneno sita ni "wa", "za", "cha" na "katika". Kwa hiyo ukiona umepita kikomo, hesabu kwanza maneno yenye maana kamili. Yakiwa tisa au kumi, anwani yako si ndefu, imebeba sarufi ya lugha yake.

Lakini kikomo cha waandaaji hakijadiliwi, na huenda fomu ikakataa neno la 13. Tuseme basi kwamba tumepewa maneno 12. Njia inayojitokeza haraka ni kuondoa "za Kiswahili", kwa kuwa makala yenyewe yameandikwa kwa Kiswahili. Ni njia mbaya. Wanafunzi hao hao huandika insha za Kiingereza pia, na Sheng katika insha ya Kiingereza ni suala jingine kabisa. Njia ya pili ni kuandika "za Shule za Upili Nairobi" badala ya kutaja kidato. Maneno yatatosha, lakini tutakuwa tumedai vidato vyote. Kinachoweza kutoka bila hasara ni "wanafunzi wa", kwa sababu insha za Kidato cha Pili haziandikwi na mtu mwingine. Kisha kati ya Embakasi na Nairobi libaki moja.

Mimi huchagua Nairobi. Msomaji aliye Zanzibar au Bujumbura hajui Embakasi ni wapi na hatalichapa jina hilo katika kisanduku cha kutafutia. Jina la mji mwishoni mwa anwani, baada ya mkato, huonyesha mahali utafiti ulipofanyika. Halidai kwamba shule zote za mji zimechunguzwa, mradi sentensi ya kwanza ya ikisiri iseme wazi kuwa ni shule mbili za Embakasi. Tunapata: "Msamiati wa Sheng katika Insha za Kiswahili za Kidato cha Pili, Nairobi". Maneno 12 kamili.

Je, ugunduzi kuhusu mazungumzo ya wahusika uingie katika anwani? Ungekuwa ndio makala yote, ningeuingiza: "Sheng katika Mazungumzo ya Wahusika" na kuendelea. Hapa ni tokeo moja kati ya kadhaa, na mahali pake ni ikisiri. Mahojiano ya walimu wanne nayo yamekuja kuunga mkono data kuu, kwa hiyo nayaacha yaonekane katika maneno muhimu.

Hatua ya tatu: ijaribu anwani kwenye kisanduku cha kutafutia

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi. Fungua Google Scholar na uchape maneno ambayo wewe mwenyewe ungeyatumia kama ungekuwa unayatafuta makala haya bila kujua kwamba yapo:

```
allintitle: sheng insha
sheng "insha za kiswahili" nairobi
```

Mstari wa kwanza huleta kazi zenye maneno yote mawili ndani ya anwani. Wa pili hutafuta pia ndani ya matini, na alama za kunukuu hulazimisha maneno yafuatane jinsi yalivyo. Soma matokeo ya ukurasa wa kwanza. Yakiwa ni kazi za jirani yako kitaaluma, uko mahali sahihi, na unaweza kuona wenzako wanatumia istilahi zipi. Yakiwa ni ya mbali, anwani yako inatumia maneno ambayo uwanja wako hauyatumii.

Chapa sasa "sheng" peke yake na utaona tatizo ambalo waandishi wetu huligundua wakiwa wamechelewa: kurasa hujaa waandishi wa Kichina, kwa kuwa Sheng pia ni jina la ukoo. Ndiyo maana "Kiswahili" na "Nairobi" katika anwani yetu si mapambo. Ndiyo yanayoitenga Sheng ya Eastlands na majina hayo. Kila mwandishi aangalie kama neno lake kuu lina maana nyingine mahali pengine, na kama ipo, aliambatanishe na neno litakaloifunga maana hiyo.

Kuna pia ritifaa, ile alama inayofuata herufi ng. Wapo wanaoandika Sheng na wapo wanaoandika Sheng'. Tahajia ya pili inaonyesha sauti vizuri zaidi, lakini kwenye mashine ina mtego: programu ya kuandikia huigeuza alama hiyo iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kukuuliza, na baadhi ya mifumo huzihesabu kuwa herufi mbili tofauti, au hulikata neno mahali pa alama. Chagua tahajia moja na uitumie katika makala yote. Mimi hutumia isiyo na alama katika anwani, na ile nyingine huipa nafasi mara moja katika maneno muhimu.

Hatua ya nne: maneno muhimu yafanye kazi ambayo anwani haikuifanya

Rudi kwenye orodha ya awali: Sheng', Kiswahili, vijana, lugha, Kenya, utafiti. "Utafiti" na "lugha" hayamsaidii mtu yeyote, kwa sababu katika kongamano la Kiswahili kila makala ni utafiti wa lugha. "Vijana" si kweli. "Kiswahili" limo tayari katika anwani.

Ili kujua yaingie maneno gani, ni lazima kuelewa yanasomwa na nani. Google Scholar husoma matini yote ya makala, kwa hiyo huko orodha ya maneno muhimu haina uzito wake wa pekee. Scopus ina utafutaji unaojumuisha anwani, ikisiri na maneno muhimu kwa pamoja, uandikwao `TITLE-ABS-KEY`. Neno lililo katika anwani halizidi kupatikana kwa kurudiwa. Hazina za kidijitali za vyuo, ambazo nyingi huendeshwa kwa programu ya DSpace, huyageuza maneno hayo kuwa orodha ya mada ambayo msomaji anaweza kuipitia moja kwa moja, na huko neno kuu lisiporudiwa, makala hayataonekana chini ya mada yake. Na kabla ya wote hao kuna kamati ya kongamano, inayoyatumia maneno hayo kumchagulia makala mhakiki na kuyapangia kikao. Kutokana na hayo, kanuni yangu ni kurudia neno kuu moja tu la anwani, na nafasi zilizosalia kuzijaza kwa maneno mapya.

Maneno mapya hutoka wapi? Chanzo cha kwanza ni umbo la maneno yetu yenyewe. Mifumo mingi inayojua kwamba umoja na wingi wa neno la Kiingereza ni neno moja haijui hivyo kuhusu Kiswahili. Kwake "mwanafunzi" na "wanafunzi" ni maneno mawili yasiyohusiana, vivyo hivyo "kosa" na "makosa", "mwalimu" na "walimu". Kinyota cha kukatia neno, kinachotumika katika hifadhidata kadhaa, huwekwa kwa kawaida mwishoni mwa neno, ilhali ngeli zetu hubadilisha mwanzo. Kwa hiyo `wanafunz*` haitamfikia "mwanafunzi" kamwe. Dawa ni kugawa maumbo: wingi ukiwa katika ikisiri, umoja uwe katika maneno muhimu, au kinyume chake. Nomino kama "insha" hazibadiliki, na hizo ziache.

Chanzo cha pili ni mpaka wa Namanga. Sisi tunasema shule ya upili, wenzetu wa Tanzania wanasema shule ya sekondari, na kila upande hutafuta kwa neno lake. Ikisiri yetu inasema "shule mbili za upili", kwa hiyo katika maneno muhimu tunaweka "shule ya sekondari". Kwa njia hiyo makala yanapatikana pande zote mbili bila ikisiri kusomeka kama kamusi.

Chanzo cha tatu ni istilahi za nadharia, na hapa uaminifu unahitajika tena. Mtindo wa kuingiza msamiati wa lugha moja ndani ya matini ya lugha nyingine umepewa majina kadhaa na wanaisimu wetu: uchanganyaji msimbo, kuchanganya ndimi, na mengine. Usichague kwa mvuto wa sikio. Pitia marejeleo ambayo makala yako yenyewe yanayataja, uone ni jina gani linalotumika zaidi humo, na ulichukue hilo, kwa kuwa wasomaji wa kazi hizo ndio wasomaji wako. Na kama hukuitumia nadharia hiyo kuchanganulia data, usiliweke kabisa. Neno la nadharia ambalo halimo katika makala litayapeleka makala yako kwa mhakiki wa nadharia hiyo, naye atauliza, kwa haki, nadharia iko wapi.

Katika mfano wetu nadharia imetumika, kwa hiyo orodha inakuwa hivi:

```
Sheng'
uchanganyaji msimbo
uandishi wa mwanafunzi
shule ya sekondari
usahihishaji wa insha
Embakasi
```

Embakasi imerudi, kwa sababu mtu anayefanya utafiti kuhusu mtaa huo hasa atalitafuta kwa jina. Usahihishaji wa insha unawawakilisha wale walimu wanne. Mstari kwa mstari si urembo: EasyChair, mfumo ambao makongamano mengi hupokelea makala, hutaka angalau maneno muhimu matatu, kila moja katika mstari wake. Ukiyatenganisha kwa mkato ndani ya mstari mmoja, mfumo utayachukua yote kuwa neno moja refu. DSpace nayo huhitaji kila neno liingizwe katika nafasi yake ya `dc.subject`. Nimeona kazi zilizowekwa na maneno matano yaliyobanana katika nafasi moja, na kwenye orodha ya mada yakawa mada moja ambayo hakuna mtu atakayeichapa.

Hatua ya tano: anwani moja kila mahali

Makala yakishakubaliwa, anwani huishi katika sehemu nyingi: fomu ya mtandaoni, faili ya PDF, slaidi, kijitabu cha programu na baadaye hazina ya chuo. Ukibadilisha neno moja katika faili na kuisahau fomu, kazi yako inaweza kuorodheshwa mara mbili kama kazi mbili, na madondoo yakagawanyika. Kwa hiyo mabadiliko yafanywe kabla ya nakala ya mwisho, katika EasyChair kwa kubofya `Update information`, na waandaaji wajulishwe kwa barua pepe iwapo nafasi hiyo imefungwa.

Kisha angalia taarifa zilizofichwa ndani ya PDF. Faili nyingi hubeba humo anwani ya rasimu ya kwanza, au jina la faili nyingine iliyotumiwa kama kielelezo. Mwenye programu ya ExifTool anaweza kuona na kurekebisha hivi:

```
exiftool -Title makala.pdf
exiftool -Title="Msamiati wa Sheng katika Insha za Kiswahili za Kidato cha Pili, Nairobi" makala.pdf
```

Programu hiyo huiacha nakala ya zamani kando kwa jina `makala.pdf_original`, kwa hiyo ukikosea hujapoteza kitu. Asiye nayo atumie sehemu ya sifa za hati katika programu ya kuandikia kabla ya kuigeuza kuwa PDF.

La mwisho ni ukurasa wa kwanza wenyewe. Faili isipokuwa na taarifa nyingine za kuielekeza, Google Scholar huchukua maandishi makubwa zaidi yaliyo juu ya ukurasa kuwa ndiyo anwani. Makala yangu ya zamani yaliwahi kuorodheshwa kwa jina la kongamano badala ya anwani yake, kwa sababu waandaaji waliweka bango lenye herufi kubwa kuliko za anwani, nami sikuliangalia. Nilikaa miezi nikidhani makala hayajawekwa mtandaoni. Pima ukubwa wa herufi kabla ya kutuma: anwani izidi bango, izidi jina lako, na isikatwe na picha wala mstari katikati. Siku chache baada ya makala kuwekwa mtandaoni, chapa anwani nzima ndani ya alama za kunukuu. Ikiwa hayatokei kufikia wiki kadhaa baadaye, chapa jina la kongamano na jina lako, uone makala yameorodheshwa kwa anwani gani, kisha umwandikie msimamizi wa tovuti ukimpa anwani sahihi, neno kwa neno.